Chenji Baki Nayo: Namna ya Kumwachia Dereva au Mhudumu Hela Inayobaki

Kumwachia dereva wa bajaji mia tano ni jambo la sekunde tatu, na mara nyingi linaharibikia ndani ya sekunde hizo hizo. Abiria anatoa noti, anasema neno moja, dereva anaelewa lingine. Ama dereva anaondoka na hela ambayo hukukusudia kumwachia, ama anabaki anapekua mifuko kutafuta chenji ambayo wala hukuihitaji, huku daladala ya nyuma inapiga honi. Yanayofuata hapa yanafuata mazoea ya Dar es Salaam, kwenye bajaji, bodaboda, teksi, migahawa na baa, mahali ambapo noti na sarafu bado zinapita mkono kwa mkono. Zanzibar, Mombasa na Nairobi zina maneno yake, nayo yapo mwishoni.

Sentensi yenyewe

Sentensi inayofanya kazi ina vitu viwili: hela unayoizungumzia, na kitenzi kinachosema ifanywe nini. Ukiongeza na namna ya kumwita mtu, imekamilika:

*Kaka, hiyo chenji baki nayo.*

Hapo hakuna cha kubahatisha. "Kaka" inamfanya ageuke, "hiyo chenji" inamwambia unazungumzia hela iliyo mkononi mwake, si nauli, na "baki nayo" inafunga. Ukitaja kiasi badala ya kusema chenji, inakuwa imara zaidi: *Hiyo mia tano baki nayo.* Ikiwa ni sarafu kadhaa ameshazitoa kiganjani, sema *hizo baki nazo*.

Zipo nyingine ambazo watu wanazitumia kila siku, na kila moja ina mahali pake:

- *Inayobaki ni yako.* Nzuri unapotoa noti kabla chenji haijatafutwa, kwa sababu inamwokoa asianze kupekua.
- *Usirudishe, iko sawa.* Fupi, inafaa unaposhuka kwa haraka. "Iko sawa" peke yake haitoshi, kwa kuwa dereva anaweza kudhani unamwambia hela uliyompa ni kamili.
- *Iache tu.* Inafaa pale anapoanza kutafuta chenji na wewe unaona anahangaika. Ile "tu" ndiyo inayoilainisha.
- *Hiyo ya soda.* Au *utakunywa soda*, au *ya maji hiyo*. Hii ina ukarimu ndani yake, na inaeleweka mara moja kuwa hurudishiwi.
- *Kip chenji.* Madereva wa teksi na wahudumu wa hoteli wanaielewa bila shida. Kwa dereva mzee wa bodaboda wa Mbagala inaweza kusikika kama kujishaua, kwa hiyo chagua wa kumwambia.

Maneno yanayokosea ni yale yenye hasira iliyojificha. Linganisha *baki nayo tu* na *basi baki nayo*. Ya kwanza ni zawadi. Ya pili inasikika kama mtu aliyekata tamaa ya kupata haki yake, na dereva mwenye heshima zake atakujibu, "Hapana, subiri nikutafutie." Kama kweli unatoa kwa moyo mmoja, usianze na "basi". Vivyo hivyo "acha" bila "i" mbele na bila "tu" nyuma inasikika kama unamkataza mtu kitu. Kwenye kelele za injini, tofauti ya *acha!* na *iache tu* ndiyo tofauti ya ugomvi na tabasamu.

Neno "asante" na kazi yake

Kosa linaloleta utata kuliko yote linaanzia kwenye adabu. Nauli ni elfu nne, abiria anatoa noti ya elfu tano, anasema "haya, asante kaka," kisha anateremka. Yeye amemshukuru kwa safari na anasubiri elfu moja yake. Dereva amesikia neno la kuagana, na mtu anayeaga huku hela iko mkononi mwa mwenzake ameshaiachia. Anawasha, anaondoka. Hapo hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo weka utaratibu huu. Kama unataka chenji, "asante" ije baada ya kuipokea. Unapotoa noti, sema kiasi tu: *Kaka, hii elfu tano.* Usiku ni vizuri kutaja noti kwa sauti hata kama unaona ni wazi, kwa sababu mabishano ya "ulinipa elfu mbili" na "nilikupa elfu kumi" yanaanzia gizani. Kama hutaki chenji, "asante" ije pamoja na sentensi nzima: *Inayobaki ni yako, asante sana.*

Ikitokea umeshasema "asante" na unaona anataka kuondoka, sema hapo hapo, bila kunung'unika: *Kaka, samahani, chenji yangu.* Ukisubiri hata nusu dakika, yeye ameshaiweka kwenye hesabu yake kichwani, na wewe utaonekana umebadili mawazo.

Wakati wa kusema

Kwa bajaji na bodaboda, sema kabla hajaanza kuhesabu, ikiwezekana noti ikiwa bado mkononi mwako. Dereva wa bodaboda anaweka hela sehemu mbalimbali: noti kubwa mfuko wa ndani, ndogo kwenye koti, sarafu kwenye suruali. Kumtafutia abiria mia tano kunamlazimu avue glovu, ainuke kidogo kwenye siti, na wakati mwingine azime pikipiki. Akishamaliza kazi hiyo yote ndipo unamwambia baki nayo, umemwachia hela na umemsumbua pia.

Kwenye bajaji umekaa nyuma yake na injini inaunguruma, hivyo maneno peke yake yanapotea. Toa noti kwa mkono wa kulia, na unaposema sentensi yako sukuma kiganja kidogo kuelekea kwake, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu. Ishara ya kupunga kiganja kulia na kushoto inamaanisha "hapana", na dereva anaweza kudhani unapinga nauli. Kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo kunaeleweka kote.

Daladala ni habari nyingine. Konda anakusanya nauli ya watu wengi kwa mpigo, anashika noti za abiria watano kati ya vidole, na chenji za watu anazikumbuka kwa sura. Hapo hakuna mazoea ya kuacha bakshishi. Ila ikiwa unashuka na konda bado hajapata mia yako, na huna haja nayo, mwambie kwa sauti: *Konda, ile mia iache tu.* Ukishuka kimya atabaki anakutafuta kwa macho, au atampa abiria mwingine akidhani ndiye wewe.

Unapotaka kuacha sehemu tu

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa kuwa mara nyingi hutaki kuacha chenji yote. Nauli ni elfu nne, una noti ya elfu kumi. Kusema "baki nayo" ni kumpa elfu sita. Unachohitaji ni kitenzi cha *kata* au *nirudishie*, na kiasi kimoja tu.

*Kata elfu nne mia tano.* Hapa unamwambia achukue kiasi gani kwa jumla, ikiwemo zawadi yake. Yeye ndiye anayefanya hesabu ya kinachorudi.

*Nirudishie elfu tano tu.* Hapa unamwambia unataka nini mkononi. Kinachobaki, chochote kiwe, ni chake.

Kwa dereva, njia ya pili ni rahisi zaidi, kwa sababu hatakiwi kukokotoa chochote. Anatafuta noti moja ya elfu tano, anakupa, mmemalizana. Tena inakupa nafasi ya kuchagua chenji iliyo nyepesi kupatikana. Noti za Tanzania ni za elfu moja, elfu mbili, elfu tano na elfu kumi, na sarafu ni hamsini, mia, mia mbili na mia tano. Ukimwomba arudishe kiasi kinachopatikana kwa noti moja, hata akiwa hana sarafu kazi inaisha.

Kosa la hapa ni kutaja namba bila kitenzi. Abiria anatoa elfu tano na kusema, "Elfu mbili." Anataka arudishiwe elfu mbili? Au anasema nauli ni elfu mbili? Nauli ikiwa elfu mbili mia tano, maana zote mbili zinawezekana, na dereva atachagua ile inayomfaa au atakasirika akidhani unamkata nauli. Namba lazima ifuatane na *kata*, *chukua*, *nirudishie* au *nipe*.

Chukua mfano mmoja mpaka mwisho. Mmekubaliana bajaji kutoka Mwenge mpaka ndani ya Mikocheni kwa elfu nne. Mvua imenyesha, barabara ya ndani imejaa maji, dereva amekuzungusha mpaka mlangoni badala ya kukuacha kona. Unataka kumwongeza elfu moja. Una noti ya elfu kumi.

Bado hujashuka, bajaji imesimama. Unatoa noti na kusema: *Kaka, hii elfu kumi. Nirudishie elfu tano tu, inayobaki ni yako.*

Yeye: *Sina elfu tano nzima bosi, nina elfu mbili mbili.*

Sasa ana noti mbili za elfu mbili, jumla elfu nne. Una njia mbili. Kama uko tayari kumwachia elfu mbili badala ya moja, sema: *Nipe hizo nne, imetosha.* Kama hauko tayari, sema: *Tafuta na elfu moja,* halafu unyamaze. Usiseme "sawa tu" wakati si sawa. Mara nyingi elfu moja ipo, ilikuwa mfuko mwingine.

Akishakupa, hesabu mbele yake bila aibu, sema *asante, kazi njema*, ndipo ushuke. Kama alielewa utakavyo, atasema *ubarikiwe* au *asante bosi*. Kama hakuelewa, atabaki amekushikia elfu moja nyingine mkononi, naye utamwambia: *Hiyo ni yako, ya soda.*

"Sina chenji"

Kuna zawadi, na kuna kulazimishwa. Dereva anayesema "sina chenji" baada ya kufika anaweza kuwa anasema kweli, hasa asubuhi mapema, maana abiria wa kwanza wa siku ndiye anayekutana na mifuko mitupu. Lakini pia wapo wanaojua kwamba abiria mwenye haraka atasema "haya iache". Njia ya kuepuka ni kuuliza kabla ya kupanda, katika sentensi ile ile ya kupatana bei: *Mpaka Kariakoo bei gani? Nina elfu kumi, una chenji?* Akisema anayo, ameshajifunga. Akisema hana, mnapanga kabisa: *Tutachenji kwenye duka pale mbele,* au unanunua maji kwanza ili uvunje noti.

Ukiwa umeshafika na hana kweli, usimwachie kwa hasira halafu ukanuna. Amua moja kati ya matatu. Mwambie *twende tukavunje hapo dukani*, na umsindikize au abaki na wewe. Au mlipe kwa simu. Au mwachie, na useme vizuri kama unavyosema siku nyingine: *Haina shida kaka, baki nayo tu.* Jambo la nne, la kumwambia "utanipa kesho", linafaa tu kwa dereva wa kijiwe cha mtaani kwako unayemjua kwa jina. Na ukilisema, lisiwe na utata. *Mia tano yangu iweke, nitaipitia kesho* ni deni. *Iweke tu* si deni. Watu wengi wanasema ya pili wakimaanisha ya kwanza, kisha wanamshangaa dereva kesho yake.

Jihadhari na mshikaji wako mliyepanda naye. Kama mmechanga nauli, chenji si yako peke yako. Mwulize kabla ya kuigawa.

Mgahawani na baa

Kwa dereva, anayepokea hela na anayebaki nayo ni mtu mmoja, na mara nyingi kinachozidi hesabu anayompelekea mwenye chombo ni chake. Kwa mhudumu sivyo. Noti yako inatoka mezani, inakwenda kaunta, inaingia kwenye droo ya keshia, na chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo. Ukikosea mahali pa kusema, hela yako inabaki kwenye droo na mhudumu hapati kitu.

Mahali pazuri pa kusema ni mezani, wakati bili imeshaletwa na noti iko mkononi mwako. Bili ni elfu ishirini na saba, unatoa elfu thelathini, unataka kumwachia yote: *Dada, toa bili hapo, inayobaki ni yako.* Neno "toa bili" linamwonyesha mpaka. Yeye atakwenda kaunta, atachukua chenji, na itakuwa mfukoni mwake bila keshia kuuliza.

Kama unataka kumwachia sehemu, acha alete chenji yote kwanza, kisha gawanya wewe mwenyewe. Atakuletea elfu tatu kwenye kisahani au ndani ya kijalada cha bili. Chukua elfu moja, sukuma kisahani kidogo kuelekea kwake, na useme *hiyo yako dada*. Wapo wanaoondoka kimya wakiacha hela kisahani. Inaeleweka kwenye mgahawa mkubwa. Kwenye mgahawa wa wazi wenye meza zilizobanana, hela iliyoachwa mezani bila neno inaweza kuchukuliwa na anayefuta meza, au hata na mteja wa meza ya jirani, kwa hiyo mwite na umkabidhi.

Ukilipia kaunta mwenyewe, mhudumu hayupo kwenye muamala. Kumwambia keshia "baki nayo" ni kumpa keshia, au mwenye mgahawa. Chukua chenji yako, rudi, mpe mkononi aliyekuhudumia. Au mtaje mbele ya keshia kwa sauti inayosikika: *Hiyo elfu mbili mpe yule dada wa meza ya dirishani.* Baadhi ya hoteli zina boksi la kukusanyia bakshishi za wahudumu wote, pamoja na wa jikoni. Kama unataka iende kwa wote, uliza boksi liko wapi.

Baa ina jambo lake. Mara nyingi mhudumu wa baa ndiye anayedaiwa na kaunta kwa kila chupa anayoitoa, na mteja akiondoka bila kulipa, yeye ndiye anayelipa. Ukimwambia "baki nayo" wakati raundi bado zinaendelea, unamvurugia hesabu: hajui kama hiyo elfu mbili ni yake au itakata soda inayofuata. Subiri bili ifungwe. Kama kweli unataka hela ikae kwa ajili ya oda nyingine, sema hivyo: *Iweke, itakata maji ya baadaye.* Na unapomwachia mwishoni, sema neno linaloonyesha unaondoka: *Tumemaliza dada, inayobaki ni yako.*

Mwanaume anayemwachia mhudumu wa kike chenji aangalie asiongeze maneno. *Baki nayo mrembo, utanitafuta* si bakshishi tena. "Dada" inatosha, na hakuna haja ya kumpa ukiwa umemshika mkono.

Kwa mama ntilie, watu hawana desturi ya kuacha hela kila siku, wala yeye haitegemei. Sahani ya elfu mbili na mia tano ukitoa elfu tatu, ukisema *iache tu mama* atafurahi, lakini anaweza kukuongezea kipande cha tikiti au maharage badala yake. Pokea. Kumkatalia ni kama kumwambia mia tano ile ilikuwa msaada.

Ukilipa kwa simu

Kwenye simu hakuna chenji ya kuacha, unazidisha kiasi. Ndiyo maana inabidi useme, la sivyo mpokeaji ataona hela imezidi na kudhani umekosea, au hataiona kabisa.

Kwanza uliza namba ni ya nani: *Hii namba ni yako mwenyewe au ya bosi?* Dereva wa bajaji anaweza kukupa namba ya mwenye chombo. Mgahawani, lipa namba iliyobandikwa ukutani ni ya biashara. Ukizidisha elfu mbili kwenye lipa namba, imeingia kwa mwenye mgahawa pamoja na bili, na mhudumu hana njia ya kuitoa. Kwa hiyo lipa bili kamili kwenye lipa namba, na bakshishi mpe taslimu, au umtumie kwenye namba yake binafsi kama amekupa kwa hiari. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini na umtajie akubali.

Pili, kumbuka ya kutolea. Ukimtumia dereva elfu nne kwenye namba yake, hataweza kutoa elfu nne kamili kwa wakala, makato yatakula kidogo. Abiria anayesema "nimekuongeza mia mbili" wakati makato ni zaidi ya hapo, hajaongeza chochote. Tenganisha kwa maneno: *Nimetuma elfu tano. Nne ya nauli, humo humo na ya kutolea, inayobaki ya soda.* Kisha subiri ujumbe umfikie. Usishuke ukasema "itaingia tu".

Namna ya kumwita, na maneno ya kuepuka

Kijana mwenzako ni *kaka* au *dada*. Dereva mwenye mvi si kaka. Kama ulimsalimu *shikamoo* wakati wa kupanda, na ungepaswa, wakati wa kushuka ukimwambia "baki nayo" kavu unamwamrisha mtu wa umri wa baba yako. Geuza kitenzi kimwendee chenji badala yake: *Mzee wangu, hiyo chenji ibaki tu.* Au *utakunywa maji mzee*. Kwa mama ni vivyo hivyo: *Mama, hiyo ibaki kwako.* Mwezi wa Ramadhani, *ya futari hiyo* inapokelewa vizuri kuliko ya soda, hasa mchana wakati mwenzako amefunga.

Usiseme *nimekusaidia*, *hiyo sadaka*, wala *masikini, chukua tu*. Mtu amefanya kazi, hajaomba. Usimwachie sarafu mbili za hamsini kwa mbwembwe za maneno mengi pia. Ikiwa ni mia tu, useme kidogo: *iache tu.*

Na kuwa mwangalifu na neno *chai*. Kwa dereva au mhudumu, *ya chai hiyo* haina tatizo. Kwa askari wa barabarani, karani wa ofisi ya serikali au mlinzi wa geti la ofisi ya umma, neno hilo hilo linasikika kama rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haitofautishi kama uliita chai au soda. Kwenye dirisha la ofisi ya umma, chenji inachukuliwa yote, pamoja na risiti.

Ukivuka mji

Zanzibar watasema *wacha ibakie kwako*, au *chukua tu*, na neno *bakshishi* lenyewe linatumika bila kificho kwa wapagazi na mabaharia. "Wacha" huko si ukali. Mombasa, *iwache tu* au *baki nayo* zinaeleweka kwa mtu wa tuktuk. Nairobi utasikia *kaa na hiyo chenji* na *hiyo ni yako*, na chenji yenyewe wengi wanaiita *balansi*, hivyo abiria wa matatu anayedai yake anasema *nipe balansi yangu*. Mtu wa Dar akimwambia dereva wa Nairobi *kata mia tatu*, ataeleweka, lakini *chukua mia tatu* ni salama zaidi. Malipo mengi huko yanapita M-Pesa, na lile swali la namba kuwa ya dereva au ya bosi linabaki vile vile. Ukimlipia kwenye till ya duka au hoteli, ya mhudumu itoe pembeni.